Bei ya Unga Ipandapo Katikati ya Mwaka

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya muuza maandazi. Mwezi wa Februari mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na nchi hizo mbili ni miongoni mwa zile ziuzazo ngano na mafuta ya alizeti kwa wingi duniani. Sehemu kubwa ya ngano tuilayo Tanzania hutoka ng'ambo. Kwa hiyo vita vya mbali vilifika hata jikoni mwa wapishi wa mji wetu wa Dodoma. Jambo kama hilo laweza kutokea tena. Je, mpishi afanyeje asifilisike, wala asiwapoteze wateja wake wa siku zote?

Na tutwae mfano. Mama mmoja wa Makole hukanda unga kilo 5 kila alfajiri, akapata maandazi 100, na kila moja huliuza shilingi 200. Tuseme unga ni shilingi 8,000, mafuta lita moja 4,000, sukari nusu kilo 1,200, hamira na chumvi 300, na mkaa 1,500. Jumla ni 15,000. Akiuza yote apata 20,000; basi 5,000 zabaki kuwa ujira na faida yake.

Sasa unga wapanda hadi 10,000, na mafuta hadi 6,000. Gharama yake yawa 19,000, naye abakiwa na shilingi 1,000 tu. Hapo wengi hushtuka, wakasema, "Mafuta yamepanda kwa nusu, nasi tupandishe kwa nusu." Hesabu hiyo si sawa. Nyongeza yote ni shilingi 4,000 kwa maandazi 100, yaani shilingi 40 kwa kila andazi. Hiyo ndiyo hesabu ya kufanya kwanza, kabla ya kumwambia mteja neno lo lote.

Lakini pana tatizo la chenji. Anunuaye andazi moja hawezi kulipa 240 kwa urahisi, maana sarafu ndogo iliyo mkononi mwa watu ni ya 50. Basi rejareja iwe 250. Ila wenye vibanda vya chai wachukuao maandazi 50 kila siku wauziwe kwa 240, yaani shilingi 12,000 badala ya 10,000. Hao ndio nguzo ya biashara, nao hawabebeshwi zaidi ya ile nyongeza yenyewe.

Tena wasigutushwe. Mwenye kibanda naye ana wateja wake, na yampasa kupanga bei yake. Yafaa mama aende kwake juma moja kabla, amwambie: "Ndugu yangu, unga umepanda kwa shilingi 2,000 na mafuta vivyo hivyo. Kuanzia Jumatatu ijayo maandazi 50 yatakuwa 12,000. Ulizokwisha nilipa nitakuletea kwa bei ya zamani." Aliyekwisha lipa hadaiwi nyongeza.

Wako wachaguao njia ya siri: bei ni ile ile, lakini andazi lapunguzwa. Mlaji hana mizani, lakini ana mkono na tumbo. Siku ya tatu atajua, naye ataona amedanganywa. Wengine hukaangia mafuta yale yale siku nyingi. Mafuta yaliyochoka hujulikana: huwa meusi na mazito, hutoa povu na moshi mapema, na andazi huwa na ladha chungu. Shilingi chache ziokolewazo hivyo huondoka pamoja na mteja. Iwapo mlaji hawezi kulipa 250, heri kumtengenezea andazi dogo la 150, likae katika sinia lake peke yake, kila mtu aone kuwa ni jingine.

Mwisho, mama aangalie ni kitu gani kilichopanda, na kwa nini. Alizeti ya Dodoma na Singida huanza kuvunwa karibu na mwezi wa Mei, na mashine zikisha anza kukamua, mafuta yaweza kushuka. Kwa hiyo asinunue madebe mengi kwa hofu wakati bei iko juu. Unga wa ngano hautegemei mavuno yetu, haufuati majira hayo. Basi kila juma aulize bei sokoni, aiandike daftarini, na pembeni aandike idadi ya maandazi kila kibanda kilichochukua. Kibanda kilichozoea 50 kikishuka hadi 30 kwa majuma mawili, na aende akaulize sababu. Na mafuta yakirudi 4,000, gharama ya kila andazi itakuwa imepungua kwa shilingi 20. Awarudishie wenye vibanda hizo 20, bila kungoja kuombwa. Aliyekwisha ona bei ikishuka kwa haki, siku nyingine ikipanda ataamini kuwa nayo ni haki.