Maoni ya Ripoti Ambayo Mzazi Anaweza Kuyafanyia Kazi

Chini ya alama, fomu ya ripoti ya shule ya msingi huacha mistari michache ya maoni ya mwalimu wa darasa. Mwalimu mwenye wanafunzi sabini, anayejaza ripoti usiku wa kuamkia kufunga shule, huandika la kwanza linalomjia: “Mvivu, mpiga soga, hesabu hajui kabisa. Asipobadilika atafeli.” Huenda ana sababu ya kukasirika, lakini mzazi akisoma hayo hana la kufanya ila kugomba au kushika fimbo.

Kuyaandika upya hakuanzi na kutafuta maneno laini. Kunaanza na kufungua madaftari. Tuseme ni mwanafunzi wa Darasa la Sita nchini Tanzania, ambako kila somo hupimwa kwa alama 50. Kiswahili amepata 38, daraja B. Hisabati 14, daraja D. Daftari la mazoezi linaonyesha kwamba kuzidisha na kugawanya anaweza. Anapokwama ni kwenye sehemu: akipewa 1/2 + 1/3 anaandika 2/5, yaani amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wakati jibu ni 5/6. Daftari la mahudhurio nalo linaonyesha Jumatatu sita ambazo hakufika, zikiwemo zile mada hiyo ilipofundishwa. Neno “mvivu” limekosa pa kusimama. Soga, hata hivyo, ni kweli anapiga, na hilo halifichwi.

Maoni mapya yanaweza kusomeka hivi:

“Kiswahili anafanya vizuri. Hisabati yuko chini: anazidisha na kugawanya bila shida, ila hajaweza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Jumatatu sita hakufika shuleni. Huongea wakati wa zoezi, nitamhamishia dawati la mbele. Naomba ahudhurie kila Jumatatu, na likizo hii afanye maswali matano ya sehemu kila siku.”

Hakuna kilichopunguzwa. Alama ya chini imetajwa, soga imetajwa, na sasa mzazi anajua aanzie wapi. Pengine ndiye anayemtuma mtoto sokoni siku ya gulio.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo limezoeleka zaidi: “Anajitahidi, aongeze bidii.” Kwa aliyepata 14 kati ya 50, huo ni uongo wa adabu, na mzazi atashtuka matokeo ya Darasa la Saba yakitoka. Njia rahisi ya kuyapima maoni ni kufunika jina: yakimfaa mtoto yeyote darasani, bado hayajaandikwa.

Mambo mengine hayafai kuandikwa kwenye ripoti kabisa. Tuhuma za wizi, ugonjwa au misukosuko ya nyumbani, mzazi aitwe shuleni aelezwe ana kwa ana, maana katika nyumba nyingi anayemsomea mzazi ripoti ni mtoto mwenyewe.