Barua kwa darasa la Fukayosi: silabasi imekuwa mwongozo wa wiki

Ndugu zangu wa darasa,

Kabla hatujakutana Jumamosi, nawaeleza kwa nini ile silabasi mliyopewa mwanzoni haitumiki tena, na karatasi moja mnayoipokea sasa kila wiki isomwe vipi.

Silabasi ile ilipangwa kwa mada: kupanga mradi, kuutafutia fedha, kuutekeleza, kuutathmini. Kila mada ilikuwa na vitabu vyake, vyote kwa uzito mmoja. Mpangilio huo unamfaa mwanafunzi anayeishi karibu na maktaba. Ninyi ni mabwana shamba, walimu na watendaji wa vijiji, mnasoma usiku baada ya kazi. Kila mmoja alishika kitabu chake, na tulipokutana kila mmoja akasimulia chake. Tena ule mpangilio ulificha jambo tunalolisoma. Mradi hauendi kwa mada. Unakwenda kwa miaka, na uamuzi wa fedha unaweza kugeuza hata zao litakalopandwa.

Kwa hiyo kila wiki sasa ina andiko moja la lazima, swali moja na mradi mmoja. Chini ya mstari kuna nyongeza za hiari. Chukueni wiki ya tatu kama mfano.

Andiko la lazima ni sura kutoka kitabu cha Jeffrey Pressman na Aaron Wildavsky cha 1973, kuhusu fedha za serikali ya Marekani zilizopelekwa mji wa Oakland kuwapatia ajira wasio na kazi. Hakukuwa na mpinzani mkubwa, lakini mambo yalikwama. Waandishi walihesabu idhini zilizohitajika njiani, wakapata 70. Fanyeni hesabu wenyewe: kila idhini ikiwa na uwezekano wa asilimia 95 kupatikana, uwezekano wa zote 70 kupatikana haufiki asilimia 3. Hata kwa asilimia 99 kila moja, mradi unabaki na nusu tu ya nafasi.

Mradi wa wiki hiyo ni Razaba, hapa jirani, iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Zanzibar. Kampuni ya SEKAB ya Sweden iliijia mwanzoni ikitaka kulima miwa ya kutengenezea ethanoli. Mwaka 2009 iliuza shughuli zake za huku, zikawa za EcoEnergy, na mpango ukageukia sukari. Mwaka 2013 EcoEnergy ilipata hati ya zaidi ya hekta 20,000. Mwaka 2015 Sida, shirika la misaada la Sweden lililotarajiwa kudhamini mkopo wa mradi, lilijitoa. Mwaka 2016 serikali ilifuta hati. Kampuni ikapeleka shauri kwenye usuluhishi wa kimataifa. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ilikwenda kwa kundi la Bakhresa, na kiwanda chake cha sukari kikaanza uzalishaji 2022.

Swali ni hili: idhini ya nani ilikatika kwanza, na kukatika kwake kuliathiri zipi nyingine? Orodhesheni wakopeshaji, mdhamini, wizara, wenye kauli juu ya maji ya Wami, na watu waliokuwa wakiishi na kuchunga humo. Andikeni mwaka mbele ya kila jina.

Hapo ndipo mtaona upungufu wa hesabu ya Oakland. Inachukulia kwamba kila idhini inasimama peke yake. Katika Razaba idhini zilishikana: dhamana ilipoondoka, mkopo uliotegemea dhamana hiyo ulibaki bila mguu. Pia hesabu haielezi kwa nini miwa ilistawi baadaye kwa mwekezaji mwingine katika eneo lile lile. Jibu la "wawekezaji wa nje hawaaminiki" au "serikali ilibadilika" bila mwaka wala idhini halijajibu swali.

Nyongeza ni mbili. Anayetaka kujua kwa nini baadhi ya miradi hufaulu ingawa wapangaji hawakuona matatizo yake, amsome Albert Hirschman wa 1967. Ambaye wazee wake walihamishwa katika Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, asome sura ya James Scott ya 1998 kuhusu Tanzania, kisha awaulize wazee kama ndivyo ilivyokuwa.

Nyongeza haziulizwi kwenye mtihani, na mjadala hauanzi nazo. Aliyezisoma atapewa nafasi mwishoni, baada ya swali la wiki kujibiwa na wote. Tukiruhusu vinginevyo, hiari itageuka lazima kimyakimya, nasi tutarudi kwenye orodha ndefu.

Njooni Jumamosi na orodha ya idhini za Razaba. Asiyeweza kumaliza sura nzima asome kurasa zenye hesabu, lakini orodha asiiache.

Wenu,
Mwalimu wa kozi