Uvimbe juu ya korodani: Daktari hujuaje kwamba si saratani?

MWANAMUME anapooga na kugusa kivimbe kidogo juu ya korodani yake, kivimbe kisichouma wala kuwasha, jambo la kwanza linalomjia akilini ni saratani. La pili ni haya. Atamwambia nani? Wengi hunyamaza kwa miezi, wakikipapasa kila usiku kuona kama kimeongezeka, na kukosa usingizi kwa jambo ambalo huenda daktari angelitatua kwa muda wa nusu saa.

Ukweli ni kwamba vivimbe vingi vya aina hii, vilivyo nje ya korodani yenyewe, si saratani. Kimoja kinachopatikana mara kwa mara huitwa spamatosili. Hiki ni kifuko chenye maji yaliyochanganyika na mbegu za kiume. Hakigeuki kuwa saratani, na kwa kawaida hakimzuii mtu kupata watoto. Hata hivyo, mwenye nacho hawezi kujihukumia mwenyewe kwamba ndicho. Ni lazima apimwe, na makala haya yanaeleza daktari hufanya nini na kwa nini.

Mahali ndipo penye jibu

Ili kuelewa kazi ya daktari, ni vyema kwanza kujua sehemu hizi zilivyopangwa. Korodani ina umbo la yai dogo. Ukiishika ni nyororo na imara kiasi, kama yai lililochemshwa na kuambuliwa ganda. Nyuma yake kumelala mrija mwembamba uliojikunjakunja, ambao madaktari huuita epididimisi. Ukikunjuliwa wote, mrija huo hufikia urefu wa mita 6 hivi. Mbegu zikitoka katika korodani huingia humo zikakomae kabla ya kuendelea na safari yao.

Sehemu ya juu ya mrija huo, iliyoketi kwenye kilele cha korodani kama kofia, huitwa kichwa. Hapo ndipo spamatosili huota mara nyingi. Inadhaniwa kwamba kijia kimojawapo cha mbegu huziba au ukuta wake hulegea, maji yakajikusanya, na kifuko kikafura polepole. Mara nyingi sababu yenyewe haijulikani, na si kosa la mtu wala adhabu ya mwenendo wake.

Saratani, kwa upande mwingine, karibu kila mara huanzia ndani ya korodani yenyewe. Kwa hiyo swali kubwa la daktari si "uvimbe huu ni mkubwa kiasi gani?" bali ni "uvimbe huu uko ndani ya korodani au nje yake?" Hatua zote zitakazofuata zinatafuta jibu la swali hilo moja.

Tuchukue mfano

Tuseme kuna mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 22. Anagundua kitu cha mviringo juu ya korodani yake ya kulia, kikubwa kama punje ya njegere iliyonona. Mwenzake wa chumbani anamwambia kwamba huenda alizaliwa na korodani tatu. Hili si jambo la kucheka, kwa maana spamatosili iliyokua huweza kweli kuhisika kama korodani ya tatu. Baada ya majuma matatu ya wasiwasi, kijana anajikaza na kwenda hospitalini.

Daktari anaanza kwa maswali. Uvimbe ulionekana lini? Umekua? Je, ulipigwa mpira au kuanguka? Una kikohozi cha muda mrefu, au umepungua uzito? Je, ulipozaliwa korodani zako zote mbili zilikuwa zimeshuka? Swali hili la mwisho huwashangaza wengi, lakini lina maana. Mtu ambaye korodani yake moja haikushuka utotoni yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hiyo kuliko wengine. Daktari anauliza pia kama baba au ndugu yake aliwahi kuugua ugonjwa huo.

Umri nao una uzito wake. Saratani ya korodani ni nadra, na miongoni mwa Waafrika ni nadra zaidi, lakini huwashika hasa vijana, wengi wao kati ya miaka 15 na 40. Kwa sababu hiyo daktari hawezi kumwambia kijana wa miaka 22, "Wewe ni mdogo mno, nenda nyumbani."

Mkono wa daktari

Kisha kijana anaombwa kuvua na kusimama, na baadaye kulala kitandani. Daktari anaanza na upande usio na shida ili ajue hali ya kawaida ya mtu huyu. Halafu anaishika korodani ya kulia kati ya kidole gumba na vidole viwili, akiizungusha taratibu ili agundue kama pana mahali pagumu au palipovimba.

Katika mfano wetu, korodani yote ni nyororo. Uvimbe uko juu yake, kidogo kwa nyuma, na vidole vya daktari vinaweza kupita katikati ya uvimbe na korodani. Uvimbe wenyewe ni laini, wa mviringo, na hauumi ukibonyezwa. Dalili hizi zinaelekeza kwenye spamatosili. Kama ungekuwa mgumu kama jiwe, au ungekuwa sehemu ya korodani yenyewe usioweza kutenganishwa nayo, daktari angeuchukulia kuwa saratani hadi vipimo vithibitishe vingine.

Daktari anahakikisha pia kwamba vidole vyake vinaweza kufika juu ya uvimbe, mahali unapoishia. Kama haviwezi kwa sababu uvimbe unaendelea kuingia kinenani, na ukitutumka mgonjwa anapokohoa, basi hiyo yaelekea ni ngiri, yaani utumbo uliotoka mahali pake. Na kama maji yameizunguka korodani yote hata haishikiki, hilo ni busha, ugonjwa unaojulikana sana huko Pwani yetu.

Mwanga wa tochi

Hatua inayofuata ni rahisi ajabu. Chumba hutiwa giza, na daktari huweka tochi ndogo nyuma ya uvimbe. Kifuko cha maji hupitisha mwanga, kikang'aa rangi nyekundu kama taa iliyofunikwa kwa kitambaa. Uvimbe wa nyama hubaki mweusi.

Lakini tochi ina mipaka yake, na msomaji asijaribu kujitibu nayo chumbani. Spamatosili yenye maji mazito kama maziwa huweza kuzuia mwanga. Hatari zaidi ni kinyume chake: saratani iliyo ndani ya korodani huweza kusababisha maji yakusanyike kuizunguka. Maji hayo yatang'aa vizuri, na mtu aridhike, kumbe adui amejificha nyuma yake. Ndiyo maana korodani isiyoweza kushikika vizuri lazima ipigwe picha.

Picha inayoamua

Picha hiyo ni ya altrasaundi, mashine ile ile inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni mwa mama. Haitumii miale ya eksirei na haina maumivu. Katika picha, maji huonekana kama doa jeusi lenye ukingo safi, ilhali nyama ya uvimbe wa saratani huonekana tofauti na nyama nyororo ya korodani inayouzunguka. Kipimo hiki ni hodari sana katika kuonyesha kama uvimbe uko ndani ya korodani au nje yake.

Matokeo ya kijana wetu yanasema hivi: korodani zote mbili ni za kawaida, na kwenye kichwa cha epididimisi ya kulia pana kifuko cha maji chenye upana wa milimita 14. Jibu limepatikana. Picha haiwezi kutofautisha kwa uhakika spamatosili na kifuko kingine cha mrija huo kisicho na mbegu ndani, lakini hilo halimsumbui daktari, kwa kuwa vyote viwili havina madhara na matibabu yake ni yale yale.

Kama picha ingeonyesha uvimbe mgumu ndani ya korodani, kijana angepelekwa haraka kwa mpasuaji na kutolewa damu. Mojawapo ya vitu vinavyotafutwa katika damu hiyo ni homoni ile ile inayopimwa mwanamke anapotaka kujua kama ana mimba, kwa maana baadhi ya saratani za korodani huitengeneza. Hata hivyo, damu ikiwa safi haimaanishi kwamba hakuna saratani. Korodani yenye uvimbe huo hutolewa kupitia kinena. Madaktari huepuka kuidunga sindano kupitia ngozi ya mfuko wake, kwa kuwa kufanya hivyo huweza kutawanya chembe za ugonjwa. Wengi wanaotibiwa mapema hupona kabisa, na korodani moja iliyobaki kwa kawaida hutosha kumpa mtu watoto na nguvu zake za kiume.

Liko jambo la tatu ambalo daktari wa Kenya halisahau. Kifua kikuu huweza kushambulia epididimisi na kuacha uvimbe mgumu, wakati mwingine usiouma. Huo uko nje ya korodani, lakini hautibiwi kwa kungoja. Unahitaji dawa za kifua kikuu kwa miezi kadhaa.

Je, kitolewe?

Swali la kwanza la kijana wetu ni hilo: "Daktari, sasa mtakitoa lini?" Jibu ni kwamba hakitolewi. Spamatosili ndogo isiyouma huachwa ilivyo. Upasuaji hufikiriwa kama imekuwa kubwa hadi inamsumbua mtu akitembea au kukaa, au kama inauma.

Sababu ya tahadhari hii ni mrija wenyewe. Kisu kikiujeruhi, njia ya mbegu ya upande huo huweza kuziba. Kwa hiyo kijana ambaye bado hajapata watoto hushauriwa kungoja ikiwezekana. Kufyonza maji kwa sindano nako si dawa, kwani kifuko hujaa tena, na sindano huweza kuingiza viini vya maradhi.

Kijana anaambiwa arudi mapema iwapo uvimbe utakua haraka, utakuwa mgumu, au korodani yenyewe itabadilika. Na liko jambo moja ambalo halingoji miadi: maumivu makali ya ghafla katika korodani, hasa yakiambatana na kutapika. Huenda imejipinda na kukosa damu, na mpasuaji ana muda wa saa 6 hivi za kuiokoa. Hapo mtu huenda hospitalini usiku huo huo, haya au hakuna haya.