Kikundi Kinapohamia Aplikesheni Mpya

Mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa akitangaza kwamba michango itaanza kulipwa kwa aplikesheni mpya, wanachama wengi huuliza inapakuliwaje. Lipo swali la kutangulia hilo: salio langu litaingizwa humo likiwa shilingi ngapi, na nani amelikagua? Aplikesheni mpya haijui jana ya kikundi. Inaanza na tarakimu atakazoingiza katibu, na kosa la siku hiyo hukaa kimya hadi siku ya mgao.

Kwa hiyo tangazo zuri hutaja kwanza siku ya kufunga hesabu. Tuchukue mfano wa VICOBA ya watu 25 mjini Morogoro, yenye hisa ya Sh 5,000 na kikao kila Jumamosi. Mwenyekiti anaandika: “Ndugu wanachama, mwisho wa kulipa kwenye aplikesheni ya zamani ni Alhamisi saa 12 jioni. Baada ya hapo mtu asitume chochote hadi tukutane Jumamosi. Kila mmoja aje na simu yake, kitambulisho, na kitabu chake cha hisa.” Ijumaa inabaki kwa mweka hazina kulinganisha vitabu.

Analinganisha pande mbili. Upande wa kwanza ni haki za wanachama: hisa Sh 6,000,000, mfuko wa jamii Sh 500,000, na riba na faini zilizokwisha kulipwa Sh 340,000. Jumla ni Sh 6,840,000. Upande wa pili ni mahali fedha zilipo: mikopo ambayo haijarejeshwa, bila riba, Sh 4,200,000, na zilizomo kwenye akaunti Sh 2,640,000. Jumla ni ileile, basi hesabu imefunga.

Lakini tuseme akaunti inaonyesha Sh 2,655,000. Ziada ya Sh 15,000 ni bei ya hisa tatu kamili, na ziada ya namna hiyo mara nyingi ni mchango uliopokelewa bila kuandikwa kwa mwenyewe. Mweka hazina anapitia ujumbe wa malipo wa wiki ile na kukuta mama mmoja alilipa kwa simu ya mumewe, namba ambayo aplikesheni haikuitambua. Angeliacha hivyo, mama huyo angeanza upya akiwa na hisa tatu pungufu.

Jumamosi, jina la kila mwanachama linasomwa pamoja na hisa zake na deni lake. Anatazama kitabu chake, anakubali, anasaini. Ndipo tarakimu zinaingizwa, na kila mtu anafungua simu yake kuona kama ndizo alizosaini. Mwenye kiswaswadu anaonyeshwa zake kwenye simu ya katibu.

Kinachofuata ni kuingia. Aliyesahau namba ya siri anabonyeza sehemu ya kuisahau, na namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini yake. Aliyepoteza simu aanze kwa kurudisha laini kwenye duka la kampuni ya simu, kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, kwa sababu bila laini namba ile ya uthibitisho haitamfikia. Mgumu zaidi ni aliyebadilisha namba kabisa. Laini iliyoachwa muda mrefu huweza kufungwa na baadaye kuuzwa kwa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea ujumbe wa akaunti isiyo yake. Mabadiliko hayo yafanywe kikaoni: mwanachama anaonyesha kitambulisho, viongozi wawili wanaidhinisha, namba ya zamani inaondolewa, na jambo lenyewe linaandikwa kwenye muhtasari.

Wiki za kuhama ndizo matapeli huzipenda. Walewale wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” sasa watapiga wakijiita katibu: “Dada, kuna namba imeingia kwenye simu yako, nisomee nikuunganishe.” Anayesomewa namba hiyo anaweza kuingia kwenye akaunti kabla simu haijakatwa. Tangazo liseme wazi kwamba hakuna kiongozi, hata mwenyekiti, atakayeomba namba ya siri wala ya uthibitisho. Tena aplikesheni ipakuliwe kikaoni, kwa jina lililosomwa mbele ya wote, na si kwa kiungo kilichosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Mwisho, aplikesheni ya zamani isifutwe upesi. Katibu apakue taarifa yote ya mzunguko huu, aichapishe, na kuifungia kwenye sanduku pamoja na orodha iliyosainiwa. Siku ya mgao mwanachama akisema alikuwa na hisa 52 naye amesomewa 49, karatasi hizo mbili zitaonyesha kama pengo lilikuwapo kabla ya kuhama au liliingia baadaye, na hisa zake zitalipwa bila kikundi kugombana.