Kiti Kimehifadhiwa, Lakini Abiria Hajui

Abiria anakata tiketi ya basi ya Dar es Salaam hadi Mwanza kwenye tovuti. Anachagua kiti namba 14, anabonyeza kitufe cha "Hifadhi kiti", na juu kabisa kulia, kwa herufi za kijani kilichopauka, yanatokea maneno haya: "Kiti namba 14 kimehifadhiwa. Lipa kabla ya saa 10 jioni." Baada ya sekunde nne yanatoweka. Mwenye macho mazima ameyaona. Mwenye uoni hafifu anabaki akitazama kitufe kilekile kana kwamba hakuna lililotokea, na aghalabu hukibonyeza tena.

Uoni hafifu si upofu. Mtu anaona, ila miwani imefika mwisho wa uwezo wake. Mtoto wa jicho hufifisha rangi, glaukoma hula pembe za kile kinachoonekana, na kisukari kinaweza kuacha madoa katikati. Kwa hiyo ujumbe wa abiria wetu unaweza kupotea kwa njia mbili zisizofanana. Huenda upo mbele ya macho yake lakini rangi yake inayeyuka kwenye weupe wa ukurasa. Au huenda umetokea mahali ambapo hatazami kabisa.

Njia ya kwanza ina kipimo. Mwongozo wa WCAG, unaotolewa na W3C, unadai maandishi ya kawaida yapishane na mandharinyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Maandishi makubwa, kuanzia pikseli 24, yanaruhusiwa 3 kwa 1. Weusi mtupu juu ya weupe mtupu ni 21 kwa 1, na hapo ndipo kikomo. Namba ya 4.5 haikuokotwa. Ilikokotolewa kwa kumfikiria mtu mwenye uoni wa takriban 6/12, yaani anayelazimika kusimama mita 6 ili aone kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 12. Ndiyo maana nasema hicho ni kiwango cha chini. Wapo wengi wanaoona chini ya hapo, na kwa ajili yao mwongozo huohuo una ngazi ya juu zaidi, ya 7 kwa 1.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kila rangi hupewa kiasi cha mwanga, kutoka 0 kwa nyeusi hadi 1 kwa nyeupe, kisha:

```
(mwanga mkubwa + 0.05) / (mwanga mdogo + 0.05)
```

Wabunifu wengi hujikwaa kwenye namna mwanga huo unavyopatikana. Jicho la binadamu halizihesabu rangi kwa usawa: kijani hubeba 0.7152 ya mwanga wote, nyekundu 0.2126, na bluu 0.0722 tu. Kijani kikali kinachong'aa, ambacho kwa mbunifu ni rangi yenye nguvu, kiko karibu sana na nyeupe. Uwiano wake juu ya karatasi nyeupe ni 1.37 tu. Bluu kali, kinyume chake, inafika 8.59. Na nyekundu safi, `#FF0000`, rangi ambayo fomu nyingi huitumia kuandikia makosa, ni 1.05 kugawanya kwa 0.2626. Jibu ni 4.00 hivi. Haifiki.

Rudi kwenye tiketi. Tuseme kijani cha ujumbe ule ni `#4CAF50`, rangi iliyozagaa mno kwenye tovuti. Mwanga wake ni 0.328, kwa hiyo juu ya nyeupe unapata 2.78, nao haufiki hata kiwango cha maandishi makubwa. Badilisha uweke `#2E7D32`, kijani kilekile kilichokolea zaidi, upate 5.13. Kwa ujumbe wa kosa, nyekundu ya `#D32F2F` inatoa 4.98. Tovuti haijapoteza sura yake, na abiria anasoma. Wala huhitaji kukokotoa kwa mkono, kwani kichagua rangi kilichomo kwenye zana za wajenzi wa tovuti ndani ya Kromu huonyesha uwiano papo hapo.

Njia ya pili ya kupotea haitibiwi na rangi yoyote. Watu wengi wenye uoni hafifu hutumia kikuza skrini. Ukikuza mara nne kwa upana na mara nne kwa kimo, unachokiona kwa wakati mmoja ni sehemu moja tu kati ya 16 za skrini. Abiria yuko kwenye kitufe, chini kushoto. Ujumbe uko juu kulia. Hata ungeandikwa kwa wino mweusi tititi, kwake haupo.

Hapa ndipo sauti inapoingia. Wapo wanaotumia kikuzaji pamoja na kisoma skrini, kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu. Kisoma skrini kwa kawaida husoma pale mtumiaji alipo, hivyo kinahitaji kuambiwa kwamba kipande fulani cha ukurasa kikibadilika, kitamke. Kipande hicho ndicho eneo hai, nacho huwekwa kwa sifa za ARIA. Tangu 2018, toleo la 2.1 la WCAG linadai ujumbe wa hali uweze kutangazwa bila kumhamisha mtumiaji kutoka alipo.

```html
<p id="hali" role="status"></p>
```

```js
document.getElementById("hali").textContent =
  "Kiti namba 14 kimehifadhiwa.";
```

Angalia kwamba aya ile imewekwa tupu tangu ukurasa unapofunguka, na maneno yanatiwa baadaye. Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni kuunda kisanduku na maneno yake kwa pamoja, baada ya kitufe kubonyezwa. Kisoma skrini hutangaza mabadiliko ya eneo ambalo tayari kinalijua, kwa hiyo kisanduku kilichozaliwa na maneno yake mara nyingi hupita kimya. Hakuna onyo lolote linalotokea, na kwa macho kila kitu kinaonekana sawa. Namna ya kujua ni moja: washa NVDA, ambayo ni ya bure, zima skrini, bonyeza kitufe na usikilize.

`role="status"` husubiri kisoma skrini kimalize sentensi yake. `role="alert"` hukikatiza, na inafaa kwa jambo kama "Kiti hiki kimechukuliwa na abiria mwingine." Usiitumie kwa kila kitu. Na tafadhali usiweke saa ya kuhesabu muda wa malipo ndani ya eneo hai, kwa sababu abiria atasomewa sekunde moja moja asipate hata nafasi ya kusikia sehemu ya kuandika namba ya simu. Tangaza zikibaki dakika tano, kisha dakika moja.

Eneo hai lina mipaka yake. Anayetumia kikuzaji bila sauti hatasikia kitu. Anayesikiliza naye, akibonyeza kibonye huku ujumbe ukitamkwa, mara nyingi hukata sauti, na tangazo halirudiwi. Kwa sababu hiyo ujumbe uandikwe chini ya kitufe chenyewe, mahali ambapo jicho tayari lipo, na ubaki hapo hadi abiria aendelee. Zile sekunde nne ziondolewe.

Kwa tovuti za Kiswahili kuna jambo moja zaidi. Kurasa nyingi hujengwa kwa kiolezo kilichoandikwa `lang="en"` mwanzoni, na hakuna anayekibadilisha. Hapo kisoma skrini hutamka "kimehifadhiwa" kwa kanuni za Kiingereza, na kinachotoka ni sauti isiyoeleweka hata kama eneo hai limefanya kazi yake barabara. Andika `lang="sw"`, kisha sikiliza tena kwenye simu yenye sauti ya Kiswahili.