Je, Wajua? Mwenye nyumba anaweza kuamriwa atoke

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Kinyumbani ya 2015 inairuhusu mahakama kumtoa mume mkatili nyumbani na kumwachia mke aishi humo, hata kama hatimiliki ni ya mume peke yake. Wake wengi hukimbia usiku na watoto wakidhani hawana haki hiyo. Umiliki haubadiliki, kinachozuiwa ni mume kuishi humo. Mume anayepigwa pia anaweza kuomba amri kama hiyo.

Mwombaji huenda mahakamani na hati ya kiapo. Aandike matukio yenyewe: “Jumamosi usiku alinipiga kwa mwiko, jirani akaja kugonga mlango.” Kauli kama “ananitesa” haimpi hakimu cha kushika. Aambatanishe namba ya OB ya polisi na karatasi za hospitali, kama anazo.

Hatari ikiwa karibu, aombe amri ya muda, ambayo hakimu anaweza kuitoa kabla mume hajasikilizwa. Nakala ya amri abaki nayo: mume akiivunja, hilo ni kosa la jinai, na polisi wanaweza kumkamata bila hati ya kukamata.