Sampuli Imefika Hotelini, Sasa Uandike Nini?

Barua pepe inayoandikwa kuliko zote baada ya kutuma sampuli ni hii: "Habari, naomba kujua kama mlipata mzigo wetu na mna maoni gani." Jibu lake nalo linajulikana: "Tumepokea, asante, tutawasiliana." Hapo biashara imelala, na aliyeuliza ndiye aliyeilaza. Aliuliza swali ambalo mtu anaweza kulijibu bila kufungua hata pakiti.

Tuchukue mfano wa kahawa, kwa sababu kahawa ina saa yake. Mkaangaji mdogo wa Moshi anataka kuiuzia hoteli ya Dar es Salaam. Jumatatu anakaanga, Jumanne anapeleka pakiti mbili za gramu 250 kwenye ofisi ya vifurushi ya basi, na Jumatano asubuhi bodaboda anauchukua mzigo stendi ya Magufuli, Mbezi, na kuufikisha hotelini. Pakiti mbili si ukarimu. Hoteli inayotumia mashine ya espreso hutia kama gramu 18 za unga kwa kikombe maradufu, kwa hiyo pakiti moja inatoa vikombe 13 hivi. Barista ataharibu vinne au vitano akirekebisha mashine ya kusagia mpaka kahawa ngeni ikubali. Ikibaki pakiti moja tu, shefu na meneja wataonja kilichosalia cha majaribio.

Barua ya kwanza iende siku hiyohiyo ya Jumatano, na kazi yake ni moja: kuzuia sampuli isipotee ndani ya jengo. Hoteli ina geti, mapokezi, stoo na jiko, na kifurushi kisicho na mwenyewe hukaa mapokezi mpaka mtu achoke kukitazama. Kwa hiyo muulize bodaboda alimkabidhi nani, kisha andika:

"Habari za kazi, Shefu. Kahawa tuliyoizungumzia kwa simu imefika leo saa nne asubuhi. Ni bahasha ya kaki yenye pakiti mbili nyeusi, imepokelewa mapokezi, na jina lako lipo juu. Imekaangwa Jumatatu. Nashauri isifunguliwe kabla ya Jumatatu ijayo. Sababu nitakuandikia siku hiyo."

Basi. Hakuna bei, hakuna historia ya shamba. Mstari wa mada nao useme jambo lenyewe: "Sampuli ya kahawa kutoka Moshi, pakiti 2, ipo mapokezi". Ukiandika "Ufuatiliaji" peke yake, shefu hatajua ni wewe au ni fundi wa majokofu.

Kuhusu kusubiri: kahawa iliyokaangwa juzi bado inatoa hewa ya kaboni nyingi. Kwenye espreso hewa hiyo huleta povu kubwa na kufanya maji yapite ovyo, na kikombe kikawa kikali kwa namna isiyo ya kahawa yenyewe. Wiki moja hivi baada ya kukaangwa hutulia. Ikikaa sana, hasa pakiti ikiwa imefunguliwa, harufu inaondoka, na iliyosagwa huchoka mapema zaidi. Kwa hiyo sampuli ya kahawa ina kipindi chake kizuri, na barua ya pili inapaswa kuangukia ndani ya kipindi hicho. Wengi huhesabu siku tangu walipotuma. Afadhali wahesabu tangu walipokaanga.

Barua ya pili, basi, ni ya Jumatatu au Jumanne inayofuata. Ijibu juu ya ile ya kwanza, ili mnyororo mzima uonekane kwa yeyote atakayetumiwa. Hii ndiyo barua yenye uzito:

"Shefu, kahawa imetulia, inafaa kuonjwa wiki hii. Kwa espreso, barista aanze na gramu 18 za unga zitoe gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Kwa birika la kifungua kinywa, gramu 60 kwa lita moja ya maji. Naomba jambo moja tu: mwonje na maziwa na bila maziwa, uniambie ipi imewafaa. Bei ni shilingi 32,000 kwa kilo, kuanzia kilo 10, na risiti ya EFD inatolewa."

Barua hii haiombi "maoni". Swali la maoni ni zito, linamtaka mtu aketi atunge. Swali la maziwa linajibika kwa neno moja, na halijibiki bila kuonja. Bei imo ndani ya barua yenyewe, kwa kuwa shefu haamui peke yake. Ataisukuma kwa ofisa manunuzi, naye hatahangaika kufungua kiambatisho cha kurasa nane kwenye simu. Ndiyo maana, hata kama mazungumzo yote mmeyafanya WhatsApp, jambo hili liandikwe kwa barua pepe. Ujumbe wa WhatsApp unabaki kwenye simu ya shefu, na akihama hoteli anaondoka nao.

Sasa sikiliza majibu. "Ni nzuri sana" ni adabu. "Mnasubiri malipo siku ngapi?" au "Nembo ya TBS mnayo?" ni mnunuzi. Jibu la kushika kwa mikono miwili ni lalamiko: "Imekuwa chungu." Aliyelalamika ameonja. Hapa ndipo inapofaa kuwa ulibakiza pakiti moja ya mkaango uleule. Ifungue, pika kwa vipimo ulivyompa. Ikiwa kwako haina uchungu, tatizo liko njiani kati ya pakiti na kikombe: pengine imesagwa laini mno, maji yakakawia ndani yake. Ikiwa wanasema ni chachu, mara nyingi ni kinyume chake, imesagwa kubwa na maji yamepita mbio. Uliza pia maji ni ya wapi. Baadhi ya visima vya Dar vina chumvi, na kahawa iliyoonjwa kwa maji ya Moshi haitakuwa ileile. Mjibu kwa hatua moja ya kufanya, "legeza mashine ya kusagia kidogo, ujaribu tena na pakiti ya pili", wala usijitetee. Na ikiwa kwako pia ni chungu, mwambie hivyo, utume ya mkaango mwepesi zaidi.

Brosha iliyochapishwa ni shughuli nyingine. Haichachi wala haipoi, kwa hiyo haimharakishi mtu, na barua yake lazima imwonyeshe pa kuangalia: "Ukurasa wa 6 una pakiti ndogo za kuweka vyumbani, mna vyumba vingapi?" Ukisema "tafadhali pitia brosha yetu", umempa kazi ya nyumbani.

Kukiwa kimya, subiri kama wiki mbili baada ya barua ya pili, kisha andika ya tatu na ya mwisho. Usimsute, na usianze na "nilikuandikia mara mbili". Mwambie sampuli ile sasa imepita wakati wake, waitumie jikoni au waigawe kwa wafanyakazi, na kwamba unakaanga tena tarehe fulani: akitaka pakiti mpya ajibu "ndiyo" kabla ya siku hiyo. Nakala mpelekee ofisa manunuzi ikiwa shefu mwenyewe ndiye aliyekutajia jina lake. Vinginevyo itaonekana umemshtaki kwa bosi. Tarehe ikipita bila jibu, jina lao liweke kwenye orodha ya msimu ujao, na pakiti ile mpelekee hoteli ya jirani.